Siku Nyeusi na Siku Nyekundu

Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 9 Januari 2012, kijana mmoja wa idara ya kusokota alifika katika lango la kiwanda cha katani nilikokuwa afisa utumishi, mjini Tanga, amevaa sare iliyofuliwa ikapigwa pasi, na mkononi ana kikapu cha machungwa aliyowachukulia wenzake wa zamu kutoka kwao Muheza. Na mlinzi, badala ya kumfungulia, akamkabidhi barua. Barua ile niliitia sahihi mimi. Ilimwarifu ya kuwa amekosekana kazini bila ya ruhusa kwa siku 6 za kazi, tangu Jumatatu tarehe 2 hata Jumamosi tarehe 7, na kwamba anatakiwa kuhudhuria kikao cha nidhamu Jumatano saa 4 asubuhi. Nilikwisha kuhakikisha kuwa tangu kupokea barua hadi kukaa kikao zitapita zaidi ya saa 48, maana huo ndio muda mdogo kabisa ambao kanuni zinamruhusu mtu kujitayarisha, na katika mambo ya namna hiyo nilijiona mimi ni mtu hodari sana.

Hesabu ya siku 6 haikuwa hesabu ya mzaha. Kanuni za Utendaji Bora zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali Namba 42 la mwaka 2007, katika mwongozo wake wa nidhamu, zinataja kukosekana kazini kwa zaidi ya siku 5 za kazi, bila ya ruhusa wala udhuru unaokubalika, kuwa ni miongoni mwa makosa mazito yanayoweza kumwachisha mtu kazi. Lau kijana yule angerudi Jumamosi, siku moja tu kabla, tungempa onyo tukanyamaza. Siku ya sita ndiyo iliyomvusha mpaka.

Jumatano akaja kikaoni, pembeni yake ameketi kiongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi, na mbele yake mwenyekiti, mkuu wa idara nyingine ambaye hakuhusika na shauri hilo. Mimi nilikuwa katibu. Alipopewa nafasi ya kujieleza hakusema neno, bali alitoa mfukoni majani mawili ya kalenda, lile la Desemba na lile la Januari, aliyoyachana katika kalenda ya ukutani ambayo wenye maduka huwagawia wateja wao, akayakunjua juu ya meza na kuyanyoosha kwa kiganja. Chini ya kila tarehe palikuwa na alama ya penseli. Alianza Jumatatu tarehe 5 Desemba, siku aliyoanza likizo, akaweka moja. Akaendelea hata Alhamisi, nne. Tarehe 9 akairuka, kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya Uhuru, na mwaka ule ilikuwa kubwa kuliko miaka mingine kwa kutimia miaka 50. Jumapili zote akaziruka, maana Jumapili sisi hatukuwa na kazi. Tarehe 26 akairuka kwa ajili ya Krismasi. Na hivyo, kwa mkono uliotulia, penseli yake ikafika Jumamosi tarehe 7 Januari, ikaandika 28. Hakukosea hata moja. Nilizihesabu tena mwenyewe, kimoyomoyo, nikapata zile zile.

Mwenyekiti akamwuliza kwa upole, "Bwana mdogo, ni nani aliyekwambia kwamba sikukuu na Jumapili hazihesabiwi?"

Akajibu, na wala hakujibu kwa jeuri, "Na ni nani, mzee, aliyeniambia kwamba zinahesabiwa?"

Swali hilo lilinigeukia mimi, kwani mwenyekiti alinitazama. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema wazi kuwa likizo ya mwaka ni siku zisizopungua 28 mfululizo, na kwamba sikukuu itakayoangukia ndani yake inahesabiwa humo humo. Kwa hesabu hiyo likizo yake iliisha Jumapili, tarehe 1 Januari, na kazi ilimsubiri kesho yake. Lakini ibara hiyo ilikuwa wapi? Ilikuwa katika kitabu cha Kiingereza cha kurasa 60 kilichofungiwa katika kabati ya ofisi yangu, ambacho kila mfanyakazi mpya alionyeshwa jalada lake siku ya kwanza, kisha akatia sahihi katika karatasi ya kukiri kwamba amekisoma na kukielewa. Na fomu ya likizo, ambayo niliichapisha mimi, ilikuwa na mstari wa tarehe ya kuanza na mstari wa idadi ya siku, basi. Tarehe ya kurudi aliachiwa mwenyewe aitafute. Zile kanuni nilizojivunia kuzifuata kwa saa 48 zinataka pia, kabla ya mtu kuachishwa kwa kuvunja taratibu, iulizwe kama utaratibu huo ulikuwa wazi, na kama mfanyakazi aliujua au alitazamiwa kuujua. Kikao hakikuchukua nusu saa. Kijana alirudi katika mashine yake bila ya onyo. Siku zile 6 hazikulipwa, na hilo mpaka leo sijaliridhia, ila wakati ule sikuwa na kauli. Nami nikaamriwa niandike, kwa Kiswahili na kwa muda wa miezi miwili, sura ya likizo na mwenendo kwa ajili ya kitabu cha kumpokelea mfanyakazi mpya.

Nilidhani ni kazi ya kutafsiri. Niliketi na sheria, na zile kanuni, na mkataba wa hali bora tuliofunga na chama, na hicho kitabu cha kabatini, nikaanza kuhamisha sentensi moja baada ya moja, na kwa wiki nzima nilifurahishwa na Kiswahili changu, ambacho kilikuwa kizito na chenye heshima kama hati ya nyumba. Kisha nikasimama katika sentensi niliyoiandika kwa mazoea, isemayo kuwa ombi la likizo sharti lifikishwe mwezi mmoja kabla, nikataka kujua chanzo chake, nikakikosa: hakimo katika sheria, hakimo katika mkataba, hakimo hata katika kitabu chetu. Ilikuwa ni desturi tu ya karani mmoja aliyekwisha kustaafu, nayo tuliwanyimia watu likizo kwa miaka. Basi nikaacha kutafsiri. Nilichukua daftari, nikaandika kila utaratibu katika ukurasa wake, na kando nikaweka alama moja katika tatu: hili ni la sheria, na kampuni haina ruhusa ya kulipunguza, hili ni la mkataba wetu, nasi tumejifunga nalo, hili ni la mazoea, na ama tulikubali liwe amri, ama tulifute. Namshauri kila atakayeifanya kazi hii aanzie hapo, kabla hajaandika hata sentensi moja nyepesi, kwa sababu lugha nyepesi hulipa jambo nguvu, na jambo la mazoea likishaandikwa kwa lugha nyepesi na kupigwa mhuri linakuwa sheria ambayo hakuna aliyeitunga.

Daftari hilo lilinitia matatani pia. Katika kurasa za sheria niliandika kwamba mshahara wa siku za likizo hulipwa kabla likizo haijaanza. Sisi tulikuwa tukilipa mwisho wa mwezi, kama kawaida, na mtu akienda kwao kwa fedha za kukopa. Meneja aliposoma rasimu akalipigia mstari jambo hilo, akaniambia, "Hili si lazima tuwaandikie." Nikamjibu kuwa nikiliondoa hilo, nitakuwa nimewaandikia wajibu wao na kuwaficha haki yao katika ukurasa mmoja, na siku watakapolijua kutoka kwingineko hawataamini sura nzima. Tulishindana kwa muda wa siku 3. Mwisho idara ya fedha ndiyo iliyobadilisha utaratibu, na mstari ukabaki.

Rasimu ya pili ilipokuwa tayari nilitaka kujua kama inasomeka, na sikuona msomaji bora kuliko yule yule kijana wa Muheza. Nikamwita ofisini baada ya zamu. Hakukaa mpaka nilipomhimiza, na aliusoma ukurasa wa kwanza kwa sauti ya chini, huku kidole kikifuata maneno. Nilikuwa nimeandika, kwa kujiamini, kwamba likizo ya mwaka ni siku 28 za kalenda. Hakuniambia kwamba hakuelewa, kwani adabu haikumruhusu. Aliniuliza tu: "Za kalenda, mzee, ni zile nyeusi au nyekundu?"

Nikageuka kuitazama kalenda ya ukutani. Jumapili zote zilichapwa kwa wino mwekundu, na sikukuu kadhalika. Kwa mtu aliyeishi na kalenda za namna hiyo maisha yake yote, kalenda ndiyo inayomtengea siku za kazi na siku zisizo za kazi, hata ukimwambia "siku za kalenda" umempa ruhusa ya kuziruka nyekundu. Na neno ambalo wanasheria walilichagua ili kuondoa shaka ndilo lililoileta. Nikalifuta. Mahali pake tuliandika, na kwa kweli maneno ni yake zaidi kuliko yangu: "Ukiwa likizoni, hesabu kila siku, nyeusi na nyekundu. Ukikosekana kazini bila ya ruhusa, kampuni inahesabu nyeusi tu." Sentensi hizo mbili nikaziweka pamoja makusudi, ijapokuwa moja ni ya likizo na nyingine ni ya mwenendo, kwa sababu neno *siku* lilikuwa na hesabu mbili ndani ya kitabu kimoja, na mtu hawezi kuziona kuwa ni mbili mpaka zikae bega kwa bega. Chini yake tukaweka mfano wake mwenyewe, bila ya jina: ukianza likizo Jumatatu tarehe 5 Desemba 2011, siku ya 28 ni Jumapili tarehe 1 Januari 2012, na unaripoti kazini Jumatatu tarehe 2.

Likizo ya ugonjwa ilikuwa na mtego wa jamii hiyo hiyo. Sheria inatoa siku 126, ambazo 63 za mwanzo hulipwa mshahara kamili na 63 zinazofuata hulipwa nusu, katika kila "mzunguko wa likizo". Na mzunguko wa likizo ya mwaka ni miezi 12, ilhali mzunguko wa likizo nyinginezo ni miezi 36. Kila niliyempa kuisoma alidhani kuwa siku 126 ni za kila mwaka. Nililitupa neno mzunguko, nikaandika miaka mitatu mahali panapostahiki miaka mitatu.

Palipotutoa jasho hasa ni penye msiba. Sheria inatoa siku 4 zenye malipo kwa mtoto anapougua au kufariki, na kwa kifo cha mume au mke, mzazi, babu au bibi, mjukuu, na ndugu. Tazama hilo neno la mwisho. Kwa Kiingereza chake, ni yule mliyezaliwa naye kwa wazazi wenu. Kwa Kiswahili chetu ni nani asiye ndugu? Mtoto wa ami yako ni ndugu, na mtoto wa mama mdogo ni ndugu kabisa, na huku kwetu mtu atashangaa ukimwambia si yeye anayepaswa kuingia kaburini kumpokea maiti. Vivyo hivyo baba mkubwa na baba mdogo kwetu ni baba, na mfanyakazi aliyeandika katika fomu "nimefiwa na baba" mara mbili katika mwaka mmoja aliwahi kuitwa mwongo mbele yangu, naye hakusema uongo, alisema Kiswahili. Niliandika "ndugu wa tumbo moja au wa baba mmoja" na "mzazi aliyekuzaa", nikaona jinsi maneno hayo yalivyo baridi, nikayaacha hivyo hivyo yalivyo, kwani ubaridi wake ulikuwa na ukweli. Ila sikuishia hapo. Sheria inamruhusu mwajiri kuongeza siku, ambazo huweza kuwa bila ya malipo, tena zile siku 4 ni jumla ya matukio yote katika miaka hiyo mitatu, si siku 4 kwa kila msiba, jambo ambalo wengi hawakulijua mpaka lilipowafika. Kwa hiyo tuliongeza sentensi ya kusema kuwa aliyefiwa na ami, shangazi, mkwe au binamu, au aliyekwisha kumaliza siku zake 4, aombe kwa msimamizi wake siku zisizo na malipo, na kwamba kuomba huko si kosa. Meneja aliona maneno "si kosa" ni ya ziada. Mimi niliyaona ndiyo yenye kazi, maana watu walikuwa wakienda mazikoni kwa kutoroka kwa sababu hawakujua kuwa kuna mlango wa kuombea.

Upande wa mwenendo, hatari ilikuwa kinyume chake: si kwamba lugha ni ngumu, bali kwamba ikirahisishwa hukata sana. Kanuni zinataja mambo yanayoweza kuhalalisha kumwachisha mtu kazi, nayo ni udanganyifu mkubwa, kuharibu mali kwa makusudi, kuhatarisha usalama wa wengine kwa makusudi, uzembe uliokithiri, kumshambulia mfanyakazi mwenzako au mteja, na ukaidi mkubwa. Katika rasimu yangu ya kwanza niliandika, kwa ufupi ulionipendeza, "Ukiiba, utafukuzwa." Mwenyekiti wa tawi la chama alipoisoma akaniuliza: akituhumiwa tu? Akichukua kamba ya dhiraa moja kufungia mzigo wa kuni? Na akiwa ametumika miaka 20 bila ya doa? Nikatambua kuwa nimelifuta neno moja, *anaweza*, ambalo ndani yake mlikuwa mmeketi kikao, ushahidi, utetezi, na uzito wa kosa. Tena nimejifunga mwenyewe, kwa kuwa mwajiri aliyeandika *utafukuzwa*, kisha akamsamehe mmoja na kumfukuza mwingine, amejiandikia kesi itakayosomwa mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Sentensi ikawa ndefu: "Ukituhumiwa wizi utapewa barua ya kueleza tuhuma, utapata si chini ya saa 48 za kujitayarisha, utakuja na mwenzako au kiongozi wa chama, na tuhuma ikithibitika, unaweza kuachishwa kazi." Ilinifundisha kutopima wepesi wa sentensi kwa ufupi wake.

Neno ukaidi halikueleweka kabisa mpaka tulipolipa mifano, na mifano nayo ina shida yake, kwani msomaji huidhani kuwa ndiyo orodha yote. Tuliweka miwili tu, mmoja wa ukaidi na mmoja usio ukaidi: kukataa, baada ya kuamriwa mara ya pili, kuizima mashine kabla ya kuisafisha, ni ukaidi, kukataa kuisafisha ikiwa inazunguka, hata msimamizi akikuamuru, si ukaidi. Mfano wa pili ulizua kelele kwa wasimamizi kuliko sura yote iliyobaki. Nilifurahi, kwa siri, kuona kwamba na wao wanaisoma.

Kisha nikaipitia sura yote nikitafuta vitenzi visivyo na mwenyewe. Likizo itaidhinishwa: na nani? Taarifa itolewe: kwa nani, na kabla ya saa ngapi? Kila mahali nikamtaja mtu kwa cheo chake, msimamizi wa zamu, afisa utumishi, karani wa mishahara, na hapo tu ndipo nilipogundua kwamba kuna kazi 3 ambazo hakuna aliyekuwa akizifanya, kila mmoja akiamini kuwa ni za mwenziwe. Karatasi ya "nimesoma na kuelewa" hatukuiondoa, maana mwanasheria wa kampuni aliitaka, ila tulikubaliana kuwa mfanyakazi mpya hatatia sahihi mpaka amepewa kalenda na tarehe ya kuanza likizo, akaitafuta mwenyewe tarehe ya kuripoti mbele ya karani. Sheria yenyewe inamtaka mwajiri, pindi mfanyakazi asipoelewa maandishi ya masharti ya kazi yake, ahakikishe ameelezwa kwa namna anayoielewa. Na mimi sijui njia nyingine ya kuhakikisha. Wengi walipata kwa mara ya pili. Wachache walipata kwa mara ya kwanza, na aghalabu walikuwa ni akina mama waliozoea kuhesabu michezo ya fedha.

Fomu ya likizo nayo ikachapishwa upya, ikiwa na mstari wa tarehe ya kurudi, ambao kuujaza ni wajibu wa afisa utumishi, yaani mimi. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule wa 2012 kijana wa Muheza akaja kuchukua likizo yake, aanze Jumatatu tarehe 3 Desemba. Nikahesabu kwa kalamu juu ya kalenda, nyeusi na nyekundu, nikafika 28, nikaandika tarehe 30 katika mstari wa kurudi, nikatia sahihi na mhuri. Akaichukua fomu, akaitazama, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Samahani, mzee," akasema. "Hapa umenirudisha Jumapili."

Kweli: ile ilikuwa siku ya 28 yenyewe, siku ya mwisho ya likizo yake, na lango la kiwanda limefungwa. Nikaichana fomu. Katika nyingine niliyomwandikia nilichora kwa rula mstari wa ziada, nikaandika juu yake *siku ya mwisho ya likizo*, na chini yake *siku ya kuripoti kazini*, Jumatatu, tarehe 31. Na fomu zilizochapishwa mwaka uliofuata zilikuwa na mistari yote miwili.